Hivi Dar Itafika Watu Milioni 10 Lini?

Najua nimekuwa kimya kitambo, testi zilitukaba koo hapa Dodoma na bumu nalo lilikata mapema, kwa hiyo hata vocha ilikuwa anasa. Lakini nipo, upepo wa hapa Chimwaga bado unapuliza vumbi kama kawaida yake, na leo nina jambo ambalo limenikaa kichwani tangu wiki iliyopita.

Ilianza kijiweni nje ya hosteli. Mshkaji wetu mmoja wa Mbagala, ambaye hapa tunamwita Mzee wa Jiji, alisema eti Dar es Salaam iko mlangoni kuwa megasiti. Kama hujawahi kusikia neno hilo, megasiti ni jiji lenye watu milioni 10 na kuendelea. Rumeti wangu, mtoto wa Mpwapwa asiyekubali kitu kirahisi, akamjibu kwamba Dar ina watu milioni 5 na kidogo tu, asitubabaishe. Mzee wa Jiji akatoa simu, akaonyesha ukurasa unaosema Dar ina watu zaidi ya milioni 8. Rumeti naye akatoa ya kwake, matokeo ya Sensa ya 2022: watu 5,383,728. Jamani, kelele zake! Mpaka muuza chipsi akauliza kama tunagombania mtu.

Mimi nilikaa pembeni nikisikiliza, kwa sababu kwetu ni Vikindu. Wanaoijua Barabara ya Kilwa wanajua: unapita Mbagala, unapita Kongowe, halafu unafika kwetu. Kwenye karatasi sisi ni Wilaya ya Mkuranga, Mkoa wa Pwani. Kwenye maisha ya kila siku sisi ni Dar. Kaka yangu anauza vitambaa Kariakoo, anaondoka nyumbani saa 10 alfajiri na kurudi saa 3 usiku. Kwa hiyo wakati hao wawili wanarushiana namba, mimi nilikuwa najiuliza swali dogo tu: kaka yangu yuko kwenye namba ya nani?

Nikaenda kuchimba. Haya ndiyo niliyoyapata, kaa kitako.

Kwanza tuone dunia ilivyokwenda. Katika ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 kuhusu ukuaji wa miji, mwaka 1950 kulikuwa na miji miwili tu yenye watu zaidi ya milioni 10, New York na Tokyo. Mwaka 1990 ilikuwa 10. Mwaka 2018 ikawa 33, na ripoti ikabashiri kwamba ifikapo 2030 itakuwa 43. Afrika wakati huo ilikuwa na mitatu, Kairo, Lagosi na Kinshasa, na ilitajwa miwili ya kuongezeka kabla ya 2030. Mmoja ni Luanda kule Angola. Wa pili ni Dar es Salaam. Walisema kwa Dar itakuwa milioni 10 na laki 8 hivi mwaka 2030. Kwa hiyo Mzee wa Jiji hakuota, ana ripoti nzima nyuma yake.

Sasa hiyo milioni 8 na hiyo milioni 10 zilitoka wapi? Hapa ndipo pa kuelewa, na wala si hesabu ngumu. Hakuna mtu anayehesabu watu wa jiji kila mwaka. Sensa yetu ni ya kila baada ya miaka 10 hivi. Katikati hapo watu wanachukua sensa ya mwisho, wanatazama jiji lilikuwa linakua kwa kasi gani, halafu wanaivuta kasi hiyo kwenda mbele. Mwaka 2002 Mkoa wa Dar ulikuwa na watu kama milioni 2 na nusu. Mwaka 2012 ukawa na 4,364,541. Kasi hiyo ni asilimia 5.6 kwa mwaka. Kuna njia ya mkato ya kujua kitu kinachokua kitakuwa maradufu lini: gawanya 70 kwa asilimia yake ya ukuaji. Chukua 70, gawanya kwa 5.6, unapata miaka 12 na nusu. Yaani kwa kasi ile, mtoto anayezaliwa Dar leo akifika darasa la saba anakuta jiji limejaa mara mbili.

Vuta kasi hiyo kutoka 2012 na utaona Dar inapita milioni 7 na nusu mwaka 2022, na inagonga milioni 10 kama mwaka 2027. Ukilegeza kasi kidogo, kama ilivyokuwa kwenye ripoti ya 2018, unafika milioni 10 kabla kidogo ya 2030. Kurasa nyingi za mtandaoni zinazotaja Dar ya zaidi ya milioni 8 zinaishi humo humo, kwenye mstari uliochorwa kabla ya sensa ya 2022.

Halafu ikaja Agosti 2022. Makarani wakapita nyumba kwa nyumba, matokeo yakatoka, na Dar ikawa na watu 5,383,728. Pengo la zaidi ya watu milioni 2 kati ya mstari na sensa! Kasi ya ukuaji wa mkoa ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 5.6 hadi 2.1 kwa mwaka. Wakati huo huo Tanzania nzima ilikuwa inakua kwa asilimia 3.2. Soma tena hapo: mkoa wa Dar es Salaam ulikua taratibu kuliko wastani wa nchi, ukihesabu na vijiji vyake vyote. Ukitumia kasi hii mpya, 70 gawanya kwa 2.1 ni miaka 33 kuwa maradufu, na milioni 10 inafika kama mwaka 2052. Rumeti wangu aliposikia hivyo alicheka kwi kwi kwi, akamwambia Mzee wa Jiji asubiri wajukuu.

Lakini hebu tusimame hapo. Je, kweli watu wameacha kwenda Dar? Wewe mwenyewe umekaa foleni ya Mbagala au ya Mbezi, umeona dalili yoyote kwamba watu wamepungua? Kuna kitu hapo hakikai sawa, na kinajionyesha ukitazama mkoa wa jirani badala ya Dar yenyewe.

Mwaka 2012 Mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668. Mwaka 2022 ulikuwa na 2,024,947. Ni karibu maradufu kwa miaka 10, kasi ya zaidi ya asilimia 6 kwa mwaka. Pwani hiyo hiyo ambayo tulizoea kuisikia kwa mihogo, korosho na nazi. Hao laki 9 na zaidi hawakushuka kutoka mbinguni. Baadhi wamezaliwa huko, lakini vijiji havikui kwa asilimia 6. Kinachokua hivyo ni mji.

Na ukiifuata Dar kwenye barabara zake kuu unaona mji umetokea wapi. Barabara ya Bagamoyo, ukiimaliza Bunju unaingia Mapinga, hiyo ni Pwani. Barabara ya Morogoro, ukipita Kibamba unaingia Kiluvya na Kibaha, Pwani. Ukipita Pugu unaibukia Kisarawe, Pwani. Na kwetu, ukipita Kongowe, Vikindu, Pwani. Nyumba zinaendelea tu. Unaona bango tu la kukukaribisha mkoa mwingine, tena kama umesinzia kwenye daladala hulioni.

Nimeliona hili likitokea kwa macho yangu. Nilipokuwa mdogo nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mikorosho na shamba la mihogo la jirani. Mzee yule alipofariki watoto wake wakaita dalali, shamba likakatwa vipande vya hatua 20 kwa 20. Ekari moja inatoa vipande kama 10 vya namna hiyo ukipima kwa ukali bila kuacha njia, na kwa kweli njia ziliachwa kwa mbinde. Walionunua hawakutoka bara. Walitoka Temeke, Mtoni, Buguruni, watu waliochoka kupanga chumba kimoja na familia ya watu 5. Wamekuja na mabati yao, wamejenga chumba kimoja kimoja, wakahamia kabla ya madirisha. Kule walikotoka nyumba ya Kiswahili iliyokuwa na wapangaji 8 inavunjwa, linapanda ghorofa lenye maduka na stoo. Kariakoo ya mchana imejaa kuliko zamani, lakini wanaolala pale ni suala lingine, na karani wa sensa anakuhesabu pale ulipolala.

Kwa hiyo ile asilimia 2.1 haisemi kwamba Dar imechoka kukua. Fikiria: kwa nchi yenye vijana wengi kama yetu, asilimia 2 hivi ni kitu ambacho watoto wanaozaliwa peke yao wanaweza kukijaza. Ina maana waliokuwa wanaingia mkoani na waliokuwa wanatoka walikaribia kulingana. Wanaoingia ni wale wa Mtwara, Kigoma, Tabora na hata hapa Dodoma. Wanaotoka, wengi wao hawajarudi kwao. Wamevuka mpaka kilomita chache na kesho asubuhi wanarudi kazini.

Basi swali la megasiti linageuka kuwa swali la mpaka. Na hapa kwetu mpaka una vituko vyake. Kwa Kiswahili cha serikali "jiji" ni hadhi, unatangaziwa. Dodoma ilitangaziwa Aprili 2018. Februari 2021 halmashauri ya zamani ya jiji la Dar ilivunjwa na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kwa hiyo ukisema "Jiji la Dar es Salaam" kisheria, unaitaja Ilala tu, watu 1,649,912 kwa sensa ya 2022. Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni ni manispaa. Mzee wa Jiji nilipomwambia kwamba Mbagala kwao iko Temeke, kwa hiyo yeye kisheria si mtu wa jiji, alinuna mpaka jioni.

Umoja wa Mataifa nao waliliona tatizo hili, kwa sababu kila nchi ilikuwa inapeleka namba zake kwa mipaka yake. Nyingine inapeleka katikati ya mji tu, nyingine inapeleka na mashamba. Novemba 2025 walitoa ripoti mpya na safari hii wakaweka mbele kipimo kimoja kwa dunia nzima. Kinafanya kazi hivi. Unaigawa nchi kwa miraba ya kilomita 1 kwa kilomita 1, kama karatasi ya grafu. Kila mraba wenye watu 1,500 au zaidi unaupaka rangi. Miraba iliyopakwa rangi na inayogusana unaiunganisha, na kundi lake likifikisha watu 50,000 hilo ni jiji. Hauulizi mkoa, hauulizi wilaya, wala nani alitangaza nini.

Nikakijaribu kwetu. Kaya ya Tanzania kwa sensa ya 2022 ni wastani wa watu 4 na kidogo. Watu 1,500 ni kaya kama 350. Kilomita moja ya mraba ni karibu ekari 247. Kwa hiyo unahitaji kaya moja na nusu tu kwa kila ekari ili mraba upakwe rangi. Sasa shamba la yule mzee, ambalo ekari moja ilizaa vipande karibu 10, hata kama nusu yake bado ni vichaka na misingi isiyoisha, limeshapita kipimo mara tatu. Hata bila kompyuta naona rangi inashuka kutoka Mbagala, inavuka Kongowe na kufika mlangoni kwa mama.

Ukitaka kuona kipimo hiki kinafanya nini, itazame Jakarta. Katika ripoti ya 2018 Jakarta ilikuwa na watu milioni 10 na nusu hivi, na Tokyo ndiyo ilikuwa jiji kubwa kuliko yote duniani. Katika ripoti ya 2025 Jakarta ndiyo ya kwanza, karibu milioni 42, ikifuatiwa na Dhaka yenye karibu milioni 37, na Tokyo ikashuka hadi ya tatu kwa milioni 33. Je, Wajava wamezaa watu milioni 30 kwa miaka 7? Hapana. Bogor, Depok, Tangerang na Bekasi, miji iliyokuwa inahesabiwa pembeni, imeunganishwa na jiji ambalo ilikuwa imeshashikana nalo siku nyingi. Watu wale wale, njia zile zile, mstari umehamishwa.

Na kwa kipimo hicho historia nayo inasomeka upya. Sasa wanasema mwaka 1975 kulikuwa na megasiti 8, mwaka 2025 ziko 33, na 19 kati ya hizo ziko Asia. Kwenda mbele wanaona 37 mwaka 2050, na kati ya watakaovuka wanaitaja Adis Ababa, Kuala Lumpur, Hajipur ya India na... Dar es Salaam. Tazama tofauti hiyo. Ripoti ya 2018 ilitarajia megasiti 43 ifikapo 2030. Ripoti ya 2025 inatarajia 37 ifikapo 2050. Na Dar imehama kutoka "kabla ya 2030" kwenda "kabla ya 2050". Sensa yetu mpya na kipimo kipya vyote viko kati ya ripoti hizo mbili.

Basi nikafanya hesabu ya tatu, ya kwangu, na nakuonyesha ili uikosoe. Jumlisha Dar na Pwani. Mwaka 2012 walikuwa 5,463,209. Mwaka 2022 walikuwa 7,408,675. Kasi yake ni asilimia 3 kwa mwaka. Ivute mbele, inagonga milioni 10 mwaka 2032 au 2033. Lakini usiibebe hivyo hivyo ukaenda nayo kwenye prizentesheni, maana Pwani ina Rufiji, Kibiti na Mafia ndani yake, na mvuvi wa Mafia huwezi kumwita mtu wa Dar kwa nguvu. Kwa hiyo 2032 ni mapema mno na 2052 ni kuchelewa mno, kwa sababu ya kwanza imebeba watu wasiohusika na ya pili imemwacha nje kaka yangu. Jibu la kweli liko katikati. Sensa inayofuata, tukienda kwa utaratibu wa miaka 10, ni 2032, na itatuonyesha liko karibu na upande gani.

Rumeti akaniuliza swali zuri: na sisi huku? Si serikali imehamia Dodoma, kwa nini isiwe ndiyo sababu ya Dar kupoa? Nikalipenda swali kwa sababu linapimika. Uamuzi wa kuhamia hapa ulikuwa wa 1973, lakini kuhama kwenyewe kulishika kasi baada ya tangazo la 2016. Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 410,956 mwaka 2012 na 765,179 mwaka 2022. Kwa asilimia, tunakimbia kuliko Dar, zaidi ya 6 kwa mwaka. Kwa vichwa, tumeongeza kama 354,000. Katika miaka hiyo hiyo Mkoa wa Dar, kwa ile kasi yake "ndogo", uliongeza watu zaidi ya milioni 1. Hata kama kila mtu mpya wa Dodoma angetoka Dar, na wengi wametoka Kondoa, Mpwapwa, Singida au leba ya hapa hapa, bado usingeziba pengo la milioni 2. Pwani ndiyo iliyopokea.

Tena hii inafundisha kitu kuhusu kuvuta mistari. Ukiivuta kasi ya Dodoma ya miaka hiyo 10, jiji letu nalo linakuwa megasiti kwenye miaka ya 2060! Wadau wa Ng'ong'ona anzeni kununua viwanja, kwi kwi kwi. Lakini jiulize kasi hiyo ililetwa na nini. Wizara zilihamia Mtumba, na wizara ikishahama mara moja haihami tena mwakani. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza 2007 na kikaleta maelfu ya wanafunzi, lakini wengi wetu tunaondoka tukimaliza. Na mji huu uko kwenye nyanda kavu yenye msimu mmoja wa mvua, maji yake kwa miaka mingi yamekuwa ya visima vya Mzakwe. Watu milioni 10 hawakunywi upepo. Dar ina kitu ambacho hakihamishiki kwa tangazo, nacho ni bandari inayopokea mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi pamoja na yetu. Wanaijeria walihamishia makao makuu Abuja mwaka 1991 na Lagosi ikaendelea kunenepa. Ofisi zinahama, lakini kontena linashuka pale penye gati.

Kuna na ile namba ya kutisha ambayo hupitishwa kwenye magrupu kila baada ya muda, kwamba mwaka 2100 Dar itakuwa na watu zaidi ya milioni 73 na kuwa ya tatu duniani nyuma ya Lagosi na Kinshasa. Namba hiyo ipo kweli, ni ya watafiti wawili wa Kanada, Hoornweg na Pope. Lakini sasa unajua ya kuiuliza. Ni mwelekeo wa nyuma uliovutwa zaidi ya miaka 80 mbele, na sisi tumeona mstari wa miaka 10 tu ukikosea watu milioni 2. Uelekeo wake naukubali, kwamba megasiti mpya nyingi za karne hii zitatoka Afrika. Ila milioni 73 siwezi kuiweka benki.

Sasa utaniuliza, hizi namba zinamhusu nini kaka anayeamka saa 10? Zinamhusu sana. Njia ya mwendokasi ya Barabara ya Kilwa inaishia Mbagala. Mji wenyewe umeshapita hapo kwa kilomita nyingi, kwa hiyo yeye anaanza na bodaboda, anapanda daladala hadi Rangi Tatu, ndipo aifikie barabara ya jiji. Mdogo wetu wa kike anasoma shule moja huku kwetu, jina naliacha, iliyojengwa kwa watoto wa kijiji. Darasani kwao wanakaa wanne dawati moja na wengine chini. Shule hupangwa kwa idadi ya watu wa eneo, na eneo lilipohesabiwa mara ya mwisho lile shamba la mikorosho lilikuwa bado halijauzwa lote. Mpaka namba mpya ipatikane mwaka 2032, mdogo wangu atakuwa amemaliza shule ya msingi. Na wanaopanga barabara, maji na taka za Dar wana mikoa miwili na halmashauri kibao za kukaa nazo mezani, kwa sababu mji ni mmoja ila karatasi ni nyingi. Hilo ndilo linaloniuma, si kama tutaitwa megasiti au hatutaitwa.

Kwa hiyo wadau, mtu akikuletea namba ya jiji lolote, la Dar, Nairobi au Lagosi, muulize mambo matatu kabla ya kugombana naye. Ni ya sensa ipi? Mpaka wake ni upi? Na kama ni ya mbele, wamevuta kasi ya miaka gani? Akishindwa kujibu, mnunulie chai na mbadilishe mada.

Nilimaliza kuwaeleza haya kijiweni, Mzee wa Jiji akasema basi nami nimekuwa mtu wa Dar rasmi, nianze kulipa maandazi kama watu wa mjini. Rumeti akaniunga mkono kwa mara ya kwanza wiki nzima. Mimi nikawaambia wamtumie bili Umoja wa Mataifa. Kesho nina pindi saa 1 asubuhi, na madesa ya takwimu bado sijayafungua. Alamsiki.